Volti Mbili kwa Nukta Zilezile

Mwaka 2002, katika somo la umeme na sumaku kwenye chuo cha MIT nchini Marekani, Profesa Walter Lewin alionyesha jambo ambalo mpaka leo linawagombanisha wahandisi na wanafizikia. Alikuwa na kitanzi cha waya chenye resista mbili, moja ya omu 100 na nyingine ya omu 900, na katikati ya kitanzi ikapita solenoidi, yaani waya uliosokotwa mizunguko mingi kama bomba. Kitanzi hakikuwa na betri wala hakikugusana na solenoidi. Mkondo ulipokuwa ukibadilika ndani ya solenoidi, kitanzi kilipata msukumo wa volti 1, na kwa kuwa resista zote mbili zinajumlisha omu 1,000, mkondo wa miliampia 1 ukazunguka.

Kisha akaunganisha vipimo viwili vya volti kwenye nukta zilezile mbili za kitanzi, tuziite A na B, ambapo resista moja inaishia na nyingine inaanzia. Waya mwekundu wa kila kipimo uko A, mweusi uko B. Kipimo kilichokaa upande wa resista ndogo kikasoma volti 0.1. Kilichokaa upande wa resista kubwa kikasoma volti 0.9, tena kwa alama ya kutoa. Vipimo vyote viwili ni vizima, na vinasema kweli.

Swali hili halikuzaliwa siku hiyo. Miaka 20 kabla, 1982, Robert Romer wa Chuo cha Amherst alikuwa ameandika makala katika jarida la walimu wa fizikia wa Marekani akiuliza kipimo cha volti hupima kitu gani hasa. Mtu aliyezoea betri huona swali hilo ni la kitoto: si hupima tofauti ya volti kati ya nukta mbili? Lakini jibu hilo linadhani kwamba tofauti hiyo ipo, moja tu, ikisubiri kupimwa. Karibu na solenoidi ambayo mkondo wake unapanda, dhana hiyo haisimami. Ili kuona kwa nini, inabidi tuitengeneze solenoidi na kuhesabu.

Chukua bomba la plastiki lenye urefu wa mita 1 na nusu kipenyo cha sentimita 5, karibu na lile bomba la inchi nne la mafundi. Lizungushie waya wa shaba wenye unene wa milimita 1, mzunguko ubanane na mzunguko, mpaka ifike mizunguko 1,000. Sasa pitisha mkondo unaoanzia sifuri na kupanda kwa mwendo usiobadilika mpaka ampia 10 ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Yaani mkondo unapanda kwa kasi ya ampia 100 kwa sekunde.

Kuupandisha hivyo si kazi ya betri peke yake. Waya huo una urefu wa zaidi ya mita 310 na ukinzani wa karibu omu 7. Ukiuunga na betri moja kwa moja, mkondo utaruka na kutulia ndani ya milisekunde chache, na mchezo utakuwa umekwisha. Unahitaji chombo kinachoweza kuongeza volti taratibu na kwa mpangilio, kuanzia karibu volti 1 hadi kama 70. Mwishoni waya utakuwa unatoa joto la wati 700, kwa hiyo heri jaribio liwe fupi.

Uga wa sumaku ndani ya solenoidi ndefu ni rahisi kuhesabu: B = μ₀ × n × I, ambapo n ni idadi ya mizunguko kwa kila mita na I ni mkondo. Kwa solenoidi yetu, ampia 10 zinatoa militesla 12.6, zaidi ya mara mia tatu ya uga wa sumaku wa dunia huku kwetu karibu na ikweta. Ndani ya bomba, uga huo umesambaa kwa usawa na umenyooka kufuata urefu wa bomba. Nje ya bomba, kama solenoidi ingekuwa ndefu bila kikomo, uga wa sumaku ungekuwa sifuri. Hili la sifuri tulishike vizuri. Wakati mkondo unapanda, uga wa ndani nao unapanda kwa kasi ya tesla 0.126 kila sekunde, na nje hapabadiliki kitu.

Michael Faraday aligundua mwaka 1831 kwamba sumaku inayobadilika huzaa umeme. Sheria inayobeba jina lake, kwa maneno ya kawaida, inasema hivi: chora kitanzi chochote angani, hata kama hakina waya. Zunguka nacho ukijumlisha msukumo wa uga wa umeme kwa kila hatua. Jumla utakayopata ukirudi ulipoanzia ni sawa na kasi ya kubadilika kwa sumaku yote inayopita ndani ya kitanzi hicho. Sumaku yote maana yake nguvu ya uga mara eneo ulilolijaza.

Kwa solenoidi yetu, umbo lenyewe linatuonyesha uga huu wa umeme umekaaje. Hauwezi kuchomoza kutoka katikati kwenda nje kama miale, kwa sababu miale ya namna hiyo huanzia kwenye chaji, na sisi hatujaweka chaji yoyote hapo. Unabaki kuzunguka bomba kwa miduara, duara ndani ya duara, bila mwanzo wala mwisho. Mwelekeo wake, mkondo unapopanda, ni kinyume cha mkondo wa solenoidi: unapinga kupanda huko.

Ndani ya bomba, chukua duara lenye nusu kipenyo r. Sumaku iliyomo ndani yake inakua kulingana na eneo la duara, yaani kulingana na r mara r, wakati mzingo unakua kulingana na r tu. Ukigawanya, nguvu ya uga wa umeme inakuwa E = (r/2) × kasi ya kupanda kwa B. Katikati kabisa ni sifuri. Sentimita 2.5 kutoka katikati ni milivolti 1.57 kwa kila mita. Kwenye ukuta wa bomba, sentimita 5, imefika milivolti 3.14 kwa mita, na hapo ndipo kilele chake.

Toka nje sasa. Duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 10 lina eneo kubwa zaidi, lakini sumaku haikuongezeka, maana yote imebaki ndani ya bomba. Jumla ya kuzunguka haiongezeki tena, imegota kwenye milivolti 0.99. Mzingo ndio unaoendelea kurefuka, kwa hiyo msukumo uleule unasambazwa kwenye njia ndefu zaidi. Hivyo nje E = (R²/2r) × kasi ileile, ambapo R ni nusu kipenyo cha bomba. Kwa sentimita 10 tunapata milivolti 1.57 kwa mita, kwa sentimita 20 nusu ya hiyo.

Tazama namba hizi kidogo. Sentimita 2.5 ndani na sentimita 10 nje zina uga wa umeme wenye nguvu sawasawa, milivolti 1.57 kwa mita. Chaji iliyosimama sehemu moja haina namna ya kutofautisha. Lakini ikizunguka mara moja ndani, inachuma robo ya milivolti, na ikizunguka mara moja nje inachuma milivolti 0.99 kamili. Nje, hata ukikuza duara liwe na upana wa mita 3, au ulikunje liwe pembetatu au umbo lisilo na jina, jumla haibadiliki mradi solenoidi imo ndani.

Hapo ndipo wengi hukwama. Chaji iliyo nje haiguswi na sumaku yoyote. Imejuaje kwamba sumaku ya ndani inabadilika? Nadhani ugumu unatokana na kuisoma sheria ya Faraday kana kwamba sumaku ya ndani inanyoosha mkono na kuivuta chaji ya nje. Sheria yenyewe haisemi hivyo. Inatoa hesabu ya mizunguko tu. Uga wa umeme wa nje una asili yake kwenye mkondo unaopanda katika waya wa solenoidi. Mabadiliko ya mkondo huo yanasafiri kwa kasi ya mwanga kuelekea nje na kuacha uga wa umeme kila mahali yalipopita. Kwa vipimo vya mezani hilo linatokea haraka mno kiasi kwamba ni kama papo hapo. Chaji ya nje inasukumwa na uga wa umeme uliopo palepale ilipo, basi.

Tuje sasa kwenye hoja kubwa. Ukipanda kutoka Moshi hadi kilele cha Uhuru, umefika mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, uwe umepitia njia ya Marangu au ya Machame. Ukirudi Moshi kwa njia yoyote, mwinuko uliopanda na ulioshuka vinafutana. Ndiyo maana ramani inaweza kuandika namba moja ya mwinuko kwenye kila nukta. Uga wa umeme unaotoka kwenye chaji zilizotulia una tabia hiyohiyo, na namba inayoandikwa kwenye kila nukta ndiyo tunayoiita volti. Uga wa namna hii wanafizikia huuita uga hifadhi: kazi inayofanywa kutoka nukta moja hadi nyingine haitegemei njia, na ukirudi ulipoanzia, jumla ni sifuri.

Uga unaoizunguka solenoidi yetu si hifadhi. Weka nukta A upande mmoja wa bomba na nukta B upande wa pili, zote zikiwa sentimita 10 kutoka katikati. Nenda kutoka A hadi B kwa nusu duara la kushoto, ukiufuata uga: unapata milivolti 0.49. Nenda kwa nusu duara la kulia, ukiupinga uga: unapata 0.49 hasi. Nukta ni zilezile, majibu ni mawili, na tofauti yao ni ile 0.99 ya mzunguko mzima. Zunguka mara mbili utapata karibu 2, mara kumi karibu 10. Kwenye mlima wa namna hiyo ungeweza kuzunguka chini ya kilele na kurudi Moshi ukiwa juu zaidi ya ulipoondokea, na mchora ramani angetupa kalamu.

Mtu makini atasema: sawa, ndani ya bomba sumaku inabadilika, kwa hiyo pana sababu. Lakini nje hakuna sumaku. Je, huko nje kwenyewe si uga mtulivu kama wa chaji? Swali hili lina uzito, na jibu lake ndilo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Jaribu kitanzi kidogo nje, ambacho hakiizunguki solenoidi. Anza sentimita 10 kutoka katikati, fuata robo ya duara: urefu ni sentimita 15.7, uga ni milivolti 1.57 kwa mita, unapata karibu milivolti 0.25. Kisha toka moja kwa moja hadi sentimita 20. Uga uko kimshazari na njia yako kwa pembe mraba, haukusaidii wala haukuzuii, unapata sifuri. Rudi kwa robo ya duara ya sentimita 20: njia imekuwa ndefu mara mbili, uga umepungua nusu, unapoteza 0.25 ileile. Ingia tena hadi sentimita 10, sifuri nyingine. Jumla ya kitanzi kizima ni sifuri kamili. Fanya hivyo na kitanzi chochote cha nje kisichoizunguka solenoidi, utapata sifuri kila mara, kwa sababu uga unapungua kwa kiwango kilekile ambacho mzingo unarefuka.

Kwa hiyo mtu mwenye kifaa chake cha kupimia, akijifungia kwenye kona ya chumba bila kuizunguka solenoidi, hataona dalili yoyote. Anaweza hata kuchora ramani ya volti ya kona yake, na ramani itakuwa sahihi. Tatizo linajitokeza pale ramani za kona zote zinapounganishwa kuizunguka solenoidi. Ya mwisho haikutani na ya kwanza, pana ngazi ya milivolti 0.99 kati yao. Unaweza kuihamisha ngazi hiyo upande wowote unaotaka, lakini huwezi kuiondoa. Eneo la nje lina tundu katikati, ambalo ni solenoidi yenyewe, na kitanzi kinachozunguka tundu hakiwezi kuvutwa mpaka kikawa nukta bila kuivuka sumaku inayobadilika. Ndiyo sababu kuukagua uga nukta kwa nukta hakutoshi kusema kwamba ni hifadhi.

Sasa vile vipimo viwili vinaeleweka. Kipimo cha volti hakina jicho la kuona volti za A na B. Ndani yake kuna ukinzani mkubwa, kwa kawaida omu milioni kadhaa, na kinachosoma ni mkondo mdogo unaopita humo. Mkondo huo unaamuliwa na kitanzi kizima kinachofungwa na kipimo, nyaya zake mbili na kipande cha saketi kilicho kati ya nyaya hizo. Kipimo cha kushoto, pamoja na nyaya zake na resista ya omu 100, kinafunga kitanzi ambacho solenoidi haimo. Hakuna ngazi ndani yake, kwa hiyo kinasoma kile kilichopo kwenye resista ya jirani: miliampia 1 mara omu 100, volti 0.1. Kipimo cha kulia kinafanya vivyo hivyo na resista yake ya omu 900. Mkondo unaozunguka unatoka A kwenda B upande mmoja, na unatoka B kwenda A upande mwingine, ndiyo maana alama zinapingana. Na tofauti kati ya 0.1 na 0.9 hasi ni volti 1, msukumo wote wa mzunguko.

Chukua kipimo cha kushoto, uache ncha zake palepale A na B, kisha uzungushe nyaya zake zipite nyuma ya solenoidi. Namba itabadilika kutoka 0.1 hadi 0.9 hasi, ingawa hukugusa saketi. Fundi aliyefundishwa kwamba njia ya nyaya za kipimo haina maana atadhani kipimo kimeharibika.

Anayetaka kujionea haihitaji maabara ya MIT. Transfoma ya duara, ile yenye tundu katikati inayopatikana kwenye amplifaya za zamani, inafaa. Chuma chake kinabana sumaku ndani kama solenoidi yetu inavyofanya, na umeme wa gridi wa mizunguko 50 kwa sekunde unaibadilisha bila kukoma. Chuma chenye eneo la sentimita za mraba 10, kikiendeshwa hadi kilele cha tesla 1, hutoa volti 0.22 kwa kila mzunguko wa waya. Wasukaji wa transfoma wanaijua namba hii kwa sura nyingine: 45 gawanya kwa eneo la chuma, ndiyo idadi ya mizunguko kwa kila volti. Pitisha waya wako mmoja kwenye tundu, resista ya omu 100 iwe ndani ya tundu na ya omu 900 iwe nje. Multimita ikiwekwa kwenye volti za umeme geu itasoma karibu milivolti 200 nyaya zake zikipita nje, na karibu 22 waya wake mmoja ukipitishwa kwenye tundu. Umeme geu hauonyeshi alama ya kutoa, kwa hiyo hapa utajumlisha badala ya kutoa, upate 222. Koili ya kuingizia iko kwenye umeme wa ukutani, kwa hiyo maungio yake lazima yafunikwe kabisa kabla ya kuwasha, na nyaya zipangwe umeme ukiwa umezimwa.

Kuna jambo moja zaidi ndani ya kitanzi hicho ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Shaba ni kipitishi kizuri mno, na mkondo mdogo kama huu hauhitaji karibu uga wowote wa umeme ndani yake. Ilhali tumesema solenoidi inasukuma kila sehemu ya duara kwa usawa. Uga huo umekwenda wapi? Haukwenda popote. Mara tu msukumo unapoanza, elektroni zinasogea na kurundikana kwenye ncha za resista, upande mmoja zikizidi na upande mwingine zikipungua. Marundo hayo yana uga wao, ambao ndani ya shaba unafuta ule wa solenoidi na ndani ya resista unauongezea nguvu. Matokeo yake, msukumo wote wa kitanzi unakusanyika kwenye resista mbili, kila moja ikipata fungu linalolingana na omu zake.

Lakini uga wa marundo hayo unatoka kwenye chaji, kwa hiyo ni hifadhi. Ukizunguka nao kitanzi kizima, jumla yake ni sifuri. Unaweza kuuhamisha msukumo kutoka hapa hadi pale, ukaupunguza huku na kuuongeza kule, ila hauwezi kuifuta hata chembe ya jumla ya mzunguko. Ukikata kitanzi na kuacha mwanya mdogo, milivolti 0.99 zote zitajibanza kwenye mwanya huo. Uga halisi karibu na solenoidi, kwa hiyo, ni mchanganyiko wa aina mbili, mmoja wenye ramani na mwingine usio nayo, na chaji hazijui tofauti.

Je, si hatari kwa sheria ya nishati, kwamba chaji inaweza kuzunguka na kuchuma kila mara? Wapo waliojenga juu ya wazo hili mashine za ndoto zinazotoa umeme bure. Hesabu ya solenoidi yetu inazima ndoto hiyo. Uga unaoisukuma chaji ya nje unausukuma pia waya wa solenoidi yenyewe, milivolti 0.99 kwa kila mzunguko, kinyume na mkondo. Mizunguko 1,000 inafanya volti 0.99, na chombo kinachopandisha mkondo lazima kiishinde volti hiyo juu ya zile zinazokwenda kwenye joto. Kitanzi cha nje kikianza kuvuta mkondo, sumaku ya mkondo huo inapunguza ile ya ndani, na chombo kinalipa zaidi ili kupandisha sumaku kwa kasi ileile. Kila senti inayochumwa na chaji imetoka mfukoni mwa chombo hicho.

Solenoidi ya kweli haikosi kasoro, na ni vizuri kujua zinaonekanaje. Bomba la mita 1 si refu bila kikomo. Sumaku inayotoka ncha moja inarudi kwa nje kwenda ncha nyingine, na pembeni ya katikati ya bomba inafika kama nusu ya asilimia ya ile ya ndani, ikielekea kinyume. Kwa hiyo kitanzi cha sentimita 10 kitasoma pungufu ya hesabu yetu kwa asilimia kama 2, na kikizidi kukua kitazidi kupungukiwa. Ukiona vitanzi vya ukubwa tofauti vinatoa namba zinazoshuka polepole, hiyo ndiyo sababu. Tena waya uliosokotwa unapanda taratibu kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo kwa nje solenoidi ni kama waya mmoja ulionyooka wenye ampia 10, na sumaku yake kwa sentimita 10 ni maikrotesla 20. Hiyo inazunguka bomba bila kupita ndani ya kitanzi chetu kilicholala, ila kitanzi kilichoinama kitaikamata. Na kama mkondo haupandi kwa mwendo sawa, uga wa umeme wa nje nao unabadilika, na uga wa umeme unaobadilika huzaa sumaku. Hapo ile sifuri ya nje haiwi sifuri tena. Kwa milisekunde tofauti ni ndogo mno kupimika. Kwa masafa ya redio, solenoidi imegeuka antena.

Waliovuna zaidi kutokana na uga huu usio hifadhi waliondoa waya kabisa. Katika solenoidi yetu elektroni moja ingechuma kiasi cha elektroni-volti 0.001 kwa kila mzunguko, kitu cha kupuuzwa. Lakini ndani ya ombwe hakuna shaba ya kurundika chaji wala resista ya kuigeuza nishati kuwa joto, kwa hiyo elektroni inaweza kuzunguka tena na tena na kila mzunguko ukajumlishwa juu ya uliotangulia. Rolf Widerøe, Mnorwe aliyesoma Ujerumani, aliandika sharti la mashine hiyo miaka ya 1920: sumaku kwenye njia ya elektroni iwe nusu ya wastani wa sumaku iliyo ndani ya duara lake, ili njia isipanuke wala kusinyaa nishati inapopanda. Yake haikufanya kazi. Donald Kerst alifaulu mwaka 1940 katika Chuo Kikuu cha Illinois, akazifikisha elektroni kwenye nishati ya elektroni-volti milioni 2.3 bila kuwepo popote kwenye mashine tofauti ya volti milioni 2.3 kati ya nukta mbili. Betatroni yake iliendeshwa kwa sumaku ya mkondo geu, na elektroni ziliweza kuharakishwa kwenye robo tu ya kila mzunguko wa mkondo, wakati sumaku inapanda kutoka sifuri. Ilibidi zitolewe kwenye njia yao kabla sumaku haijafika kileleni na kuanza kushuka, kwa sababu kuanzia hapo uga wa umeme unageuka na kuanza kuzipunguza mwendo.